Eksirei Haisomwi na Mashine ya Kila Kitu

Picha ya eksirei ni kivuli. Mionzi huingia upande mmoja wa mwili, na ile inayofaulu kupenya hupokewa na bamba lililo upande wa pili. Hewa huizuia kidogo sana, ndiyo maana mapafu huonekana meusi. Mafuta huizuia zaidi kidogo, nyama na maji zaidi ya hapo, mfupa zaidi, na chuma karibu yote. Yote anayoyasoma daktari yamo katika tofauti za kijivu baina ya vitu hivyo vitano, na vitu vyenyewe vimelaliana: ubavu wa mbele juu ya ubavu wa nyuma, moyo juu ya sehemu ya pafu la kushoto, mtulinga juu ya ncha ya pafu. Doa moja jeupe kwenye picha ya kifua linaweza kuwa ugonjwa. Linaweza pia kuwa chuchu, kifungo cha shati ambacho mgonjwa hakukivua, au mahali tu mbavu mbili zilipopishana.

Katika wilaya ya Kilosa picha za namna hii hupigwa kwa sababu nyingi, lakini mbili zinafaa kutazamwa kwa karibu. Ya kwanza ni kifua kikuu, ugonjwa ambao Tanzania iliwekwa katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 hadi 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa kuliko nyingine. Ya pili ni ajali. Barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Iringa, Mbeya na Zambia hupita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi kwa takriban kilomita 50, kisha huingia mji wa Mikumi, ambako malori, mabasi na bodaboda hugombania lami ileile. Madaktari bingwa wa radiolojia wamejaa zaidi Dar es Salaam na katika hospitali kubwa za rufaa. Wilayani picha hupigwa na mtaalamu wa mionzi, na mara nyingi anayeisoma kwanza ni daktari wa zamu au tabibu.

Pengo hilo ndilo linaloipa simu nafasi. Mgonjwa hutoka na filamu mkononi, au ndugu hupiga picha kioo cha kompyuta, na picha hiyo hupakiwa kwenye programu ya akili mnemba inayojibu maswali ya kila namna. Programu hiyo hiyo hutambua ua, hueleza kilichomo kwenye risiti na kukadiria umri wa mtu kwa sura. Sekunde chache baadaye huja maelezo yaliyopangwa vizuri, yenye istilahi za kitabibu, yasemayo kwamba moyo una ukubwa wa kawaida na mapafu ni safi. Maelezo hayo hayastahili kuaminiwa, na sababu zake zinaweza kuonyeshwa moja baada ya nyingine. Nyingine zinaanza hata kabla mashine haijaanza kufikiri.

Ya kwanza ni yale yanayoipata picha njiani. Bamba la kidijitali la kupigia kifua huwa na ukubwa wa sentimita 35 kwa 43. Ikiwa kila pikseli ina upana wa milimita 0.14, ambao ni wa kawaida kwa mabamba hayo, picha nzima huwa na pikseli takriban 2,500 kwa 3,000. Kila pikseli huhifadhiwa kwa ngazi 4,096 za kijivu au zaidi, katika faili la DICOM ambalo pia hubeba taarifa za jinsi picha ilivyopigwa. Jicho la mtu haliwezi kutofautisha ngazi zote hizo kwa mara moja, kwa hiyo msomaji huzichezesha: hufifisha mwanga ili aone nyuma ya moyo, huongeza ukali ili aone mbavu, hukuza ncha za mapafu. Sehemu kubwa ya kazi yake iko katika kuchezesha huko.

Kioo cha kompyuta kikipigwa picha kwa simu, ngazi 4,096 hugeuka 256, nazo ni zile tu zilizokuwa zikionekana kwa wakati huo. Kamera hujichagulia mwanga wake, huongeza makali kwenye kingo ili picha ipendeze, na hunasa mng'ao wa dirisha na mistari ya mawimbi inayotokana na kioo chenyewe. WhatsApp huibana tena ili isile bando. Mwisho programu hupunguza kilichobaki. LLaVA 1.5, mfumo wa wazi uliotolewa mwaka 2023 na kutumiwa sana na watafiti, hupokea picha ya pikseli 336 kwa 336 na kuigawa katika vigae 24 kwa 24. Picha ya kifua yenye urefu wa sentimita 43 ikiingia humo, pikseli moja hubeba milimita 1.3 za mwili, na kigae kimoja hubeba karibu sentimita 2. Mifumo mipya hukubali picha kubwa zaidi na mingine huikata vipande kabla ya kuitazama, hivyo hasara hupungua. Hata hivyo haiwezi kurudisha kile ambacho kamera ya simu ilikwisha kukitupa.

Ukubwa wa vitu vinavyotafutwa ndio unaoonyesha uzito wa hasara hiyo. Katika kifua kikuu kilichosambaa mwili mzima, mapafu hujaa vidoadoa vya milimita 1 hadi 3, sawa na punje za uwele zilizomwagwa. Pikseli ya milimita 1.3 huvichanganya na mishipa ya damu iliyo jirani navyo, na pafu lililojaa ugonjwa huonekana kama lenye ukungu mwepesi tu, au hata la kawaida.

Mfano wa pili unaihusu Mikumi zaidi. Kijana wa bodaboda amegongwa ubavuni. Anatembea, anaongea, ila akivuta pumzi anahisi kuchomwa. Picha ya kifua inapigwa akiwa amesimama. Kinachotafutwa kwanza ni hewa iliyovuja kutoka kwenye pafu na kukaa kati ya pafu na ukuta wa kifua. Hewa hiyo hupanda juu, kwa hiyo dalili yake huwa karibu na ncha ya pafu: mstari mweupe mwembamba, chini ya milimita moja, ambao ni ngozi ya pafu lililoanza kusinyaa, na nje ya mstari huo weusi mtupu usio na mishipa ya damu. Hakuna kingine. Mtulinga na mbavu za juu hupita palepale na kuleta kingo zao. Mkunjo wa ngozi ya mgongo nao unaweza kuchora mstari unaofanana. Msomaji mwenye uzoefu hukuza sehemu hiyo, hufuata mstari kwa jicho kutoka mwanzo hadi mwisho, na hujiuliza kama mishipa inauvuka. Mishipa ikiuvuka, huo ni mkunjo wa ngozi. Isipouvuka, pafu limevuja.

Katika picha iliyopitia simu, mstari huo unaweza kuwa umefutika kabisa. Jibu la "mapafu yako kawaida" likifuata, si kwamba mashine iliutazama mstari ikaukosea. Mstari haukuwamo katika picha iliyoifikia. Kijana huyu akirudi nyumbani na jibu hilo, hewa ikazidi kujikusanya hadi kuusukuma moyo upande wa pili, hatari inayofuata ni ya dakika. Picha ikiwa imepigwa amelala, mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa hewa huenda mbele na chini na mstari wa juu huenda usionekane hata kwa bingwa. Ndiyo maana daktari humpima mgonjwa mwenyewe kwa kumgonga kifua, kumsikiliza pumzi na kumpima oksijeni, wala haiachii picha iamue peke yake.

Kisa cha hewa iliyovuja kina somo jingine, la kutisha kidogo. Mwaka 2017 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani zilitoa hadharani mkusanyiko wa picha za kifua 112,120 kutoka kwa wagonjwa 30,805, na watafiti wengi wakautumia kufundishia mashine. Luke Oakden-Rayner, daktari wa radiolojia wa Australia, na wenzake walichunguza mfumo uliofundishwa kutambua hewa iliyovuja. Ukichukua picha mbili, moja ya mgonjwa na moja ya asiye na tatizo hilo, mfumo ulipaswa kuipa ya mgonjwa alama kubwa zaidi. Ulifanya hivyo mara 94 kati ya 100 pale mgonjwa alipokuwa tayari amewekewa mrija wa kutoa hewa kifuani. Alipokuwa hana mrija, ulishuka hadi 77. Yaani mashine ilikuwa imejifunza kwa kiasi kikubwa kutambua mrija. Wagonjwa wengi katika mkusanyiko ule walikuwa wamekwisha kutibiwa, na mrija ni rahisi kuuona kuliko mstari wa nusu milimita. Anayehitaji kugunduliwa kando ya barabara ya Mikumi ni yule ambaye bado hajawekewa mrija.

Njia ya mkato ya namna hiyo ilionekana pia kwingine. Mwaka 2018 John Zech na wenzake walichapisha utafiti wa mashine ya kutambua nimonia iliyofundishwa kwa picha za hospitali tofauti za Marekani. Mashine iliweza kutaja picha imetoka hospitali gani karibu bila kukosea. Katika hospitali moja nimonia ilikuwa katika theluthi moja ya picha, na kwingine ilikuwa takriban asilimia 1, hivyo kujua hospitali kulitosha kubahatisha ugonjwa. Miongoni mwa vitu vilivyoisaidia ni kipande cha chuma chenye herufi ambacho wataalamu wa mionzi huweka kwenye bamba kuonyesha upande. Picha ya Kilosa ina kipande chake, mashine yake na mkao wake. Mfumo uliojifunza desturi za hospitali hizo hauna cha kushika hapa.

Tena ile ilikuwa mifumo iliyofundishwa kazi moja, kwa picha zilizowekewa majina ya magonjwa. Mifumo ya jumla iko mbali zaidi na kazi hiyo. Hiyo hujifunza kwa mabilioni ya picha zilizookotwa mtandaoni pamoja na maneno yaliyo karibu nazo: mbwa, harusi, magari, vyakula. Eksirei zilizomo humo ni chache, na si za kawaida. Watu huweka mtandaoni picha za kufundishia, zenye ugonjwa wa wazi au wa ajabu, nyingi zikiwa na mshale unaoelekeza mahali penyewe. Picha ya kifua isiyo na tatizo, ambayo ndiyo huwa nyingi katika siku ya kawaida ya chumba cha mionzi, haina mtu wa kuiweka. Maneno ya ripoti yamo tele, na mashine huyajua vizuri sana. Hapo ndipo hatari ilipo: ufasaha wa ripoti na uoni wa picha ni vipaji viwili tofauti, na mashine ina cha kwanza kwa wingi kuliko cha pili. Ikikosa kuona, hujaza kwa kile ambacho ripoti nyingi husema.

Watafiti waliwahi kuliweka hilo wazi kwa jaribio rahisi. Waliipa mifumo kadhaa mikubwa picha za kitabibu, wakauliza kiungo fulani kiko kushoto au kulia kwa kingine. Picha zilipogeuzwa, mifumo iliendelea kujibu kwa mujibu wa vitabu vya anatomia, kwamba ini liko kulia na moyo kushoto, badala ya kutazama. Wapo watu wachache wanaozaliwa moyo ukiwa kulia. Zaidi ya hao, wapo ambao picha yao imegeuzwa kwa makosa, na kwao upande ndio unaoamua mrija wa kifuani utachomwa wapi.

Jaribio la hadharani lilikuja tarehe 29 Oktoba 2024, pale Elon Musk alipowaalika watumiaji wa mtandao wa X kupeleka eksirei na picha nyingine za tiba kwenye mfumo wake wa Grok. Madaktari waliitikia, na baadhi walipata majibu mazuri. Lakini pia ilitangazwa kwamba mtulinga uliovunjika uliitwa bega lililoteguka, na kwamba kifua kikuu cha kiwango cha vitabu hakikutambuliwa. Mwaka uliofuata mtihani wa picha 50 ngumu uliotungwa na watafiti wa India uliwapa madaktari bingwa wa radiolojia alama 83 kwa 100, wanafunzi wao 45, na mfumo bora kati ya ile ya jumla iliyopimwa wakati huo, GPT-5, alama 30. Kampuni ya OpenAI yenyewe, katika maelezo iliyowaandikia watengeneza programu, imesema mfumo wake wa kuona haufai kusoma picha maalumu za kitabibu. Ni nadra muuzaji kukubaliana na wakosoaji wake kiasi hicho, na inashangaza kwamba maelezo hayo husomwa na wachache kuliko wanaopakia picha.

Kuna anayeweza kusema kwamba Shirika la Afya Duniani limekwisha kuruhusu kompyuta kusoma eksirei. Ni kweli, na kisa hicho ndicho kinachoonyesha tofauti yote. Mwezi Machi 2021 shirika hilo lilipendekeza programu za kompyuta zitumike badala ya msomaji binadamu katika kuwachuja watu wa kupimwa kifua kikuu. Ushahidi ulitoka kwa programu tatu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo: CAD4TB ya Uholanzi, qXR ya India na Lunit ya Korea Kusini. Tanzania haikuwa mtazamaji. Mwaka 2014 watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara na wenzao wa Ulaya walikuwa wamekwisha kuchapisha tathmini ya CAD4TB kwa picha za kifua zilizopigwa nchini, wakilinganisha majibu ya kompyuta na majibu ya maabara ya makohozi.

Programu ya aina hiyo hupokea faili halisi kutoka kwenye mashine ya eksirei, si picha ya simu. Haiandiki ripoti. Hutoa namba moja, kwa mfano kutoka 0 hadi 100, inayosema picha hii inafanana kiasi gani na za wagonjwa wa kifua kikuu. Wataalamu wa eneo huchagua alama ya mpaka: anayezidi hapo apelekwe kutoa makohozi. Alama hiyo haifanani kila mahali. Makovu ya kifua kikuu cha zamani, umri na wingi wa maambukizi ya virusi vya Ukimwi huibadilisha, kwa hiyo hupimwa upya panapohamishiwa programu, na hupimwa tena toleo jipya linapotoka.

Hesabu ndogo inaonyesha kwa nini namba hizo ni lazima. Tuseme watu 1,000 wa vijiji vya Kilosa wamepigwa picha katika zoezi la uchunguzi, na 10 kati yao wana kifua kikuu. Shirika la Afya Duniani hutaka kipimo cha kuchuja kinase angalau wagonjwa 90 katika kila 100 na kiwaachie huru angalau 70 katika kila wazima 100. Kipimo cha kiwango hicho kitawanasa wagonjwa 9 na kumkosa mmoja. Katika wazima 990 kitawatia shaka 297. Jumla ya watu 306 watapelekwa maabara, na 9 tu ndio wagonjwa. Kwa mtu mmoja mmoja, kuambiwa "picha yako ina shaka" kuna maana ya nafasi ya takriban 3 kati ya 100. Hilo si tatizo, kwa kuwa makohozi hupimwa kwa mashine ya GeneXpert inayotafuta vinasaba vya mdudu mwenyewe na kueleza pia kama amekuwa sugu kwa dawa ya rifampisini. Waliobaki 694 wameokolewa gharama na foleni.

Mfumo wa jumla hauwezi kuingizwa katika hesabu hiyo. Hakuna anayejua hunasa wangapi katika 100 kwa picha za simu kutoka Kilosa, na hauna alama ya mpaka. Husema "huenda" au "inaonyesha wazi" kwa mtiririko wa lugha, si kwa uwezekano uliopimwa. Swali likiulizwa kwa maneno mengine, jibu hubadilika: anayeuliza "kifua kikuu kiko wapi kwenye picha hii?" ameshaisukuma mashine kukitafutia mahali. Kampuni nayo hubadilisha mfumo wakati wowote, na aliyeujaribu mwezi uliopita hajaujaribu wa leo.

Isitoshe, mfumo wa jumla haujui mipaka ambayo programu maalumu huiandika waziwazi. Pendekezo la mwaka 2021 linahusu watu wa miaka 15 na kuendelea. Kwa mtoto mdogo tezi ya kifuani, ambayo ni ya kawaida, huchora kivuli kipana kando ya moyo kinachoweza kudhaniwa uvimbe, na kifua kikuu cha watoto hukaa zaidi kwenye tezi za katikati kuliko kwenye ncha za mapafu. Mtu mzima mwenye kinga dhaifu kwa virusi vya Ukimwi anaweza kuwa na kifua kikuu huku picha yake ikiwa safi kabisa. Kwa mgonjwa huyo hata jibu sahihi la "picha ya kawaida" linapotosha, kwa sababu swali lililopaswa kuulizwa halikuwa la picha.

Msomaji wa kweli huanza na maswali hayo. Kabla ya kutafuta ugonjwa hukagua picha yenyewe: jina ni la mgonjwa huyu? Upande umewekwa sawa? Alivuta pumzi ya kutosha, kiasi cha mbavu tisa au kumi za nyuma kuonekana juu ya kiwambo? Alisimama, mionzi ikiingia mgongoni kutoka mita 1.8, au alilala mionzi ikitokea mbele kwa karibu? Katika mkao wa pili moyo hupanuka kivulini, na mzima anaweza kuonekana mwenye moyo mkubwa. Kisha huomba picha ya zamani. Doa lililokuwapo miaka mitatu bila kubadilika ni kovu. Lililozaliwa mwezi huu ni jambo jingine. Mengi ya hayo hayaonekani katika picha moja iliyopigwa kwa simu, na programu ya jumla mara nyingi hujibu bila kuuliza hata moja.

Madaktari nao hukosea. Katika jaribio maarufu la Marekani lililochapishwa mwaka 2013, madaktari 20 kati ya 24 wa radiolojia hawakumwona sokwe aliyechorwa ndani ya picha za mapafu, maana walikuwa wakitafuta vinundu. Tofauti ni kwamba makosa ya binadamu yamechunguzwa kwa miongo mingi, na yana njia ya kurekebishwa: msomaji wa pili, ripoti iliyotiwa saini, baraza la kitaaluma linaloweza kumwita aliyesoma. Tume ya Nguvu za Atomiki hukagua mashine ya mionzi iliyopiga picha. Jibu la programu ya simu halina saini ya mtu.

Picha iliyopakiwa huenda pia na zaidi ya mapafu. Pembeni yake huandikwa jina, umri, tarehe na namba ya hospitali, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Aliyezituma kwa kampuni ya ng'ambo hana njia rahisi ya kuzirudisha.

Mwenye shaka kuhusu yote haya anaweza kujijaribia kwa picha isiyo na jina la mtu: aigeuze kushoto kulia, aulize swali lilelile mara kadhaa katika mazungumzo mapya, kisha aseme mgonjwa ana homa na kikohozi, na mara nyingine aseme amekuja kupimwa kwa ajili ya ajira. Majibu yakipishana kwa kubadilika maneno tu, mashine inasoma maneno ya anayeuliza. Yakifanana, bado haijathibitika kuwa inaona. Kosa moja linaweza kurudiwa kwa uthabiti.

Mgonjwa wa Kilosa au Mikumi anayetaka maoni ya pili ana njia iliyo bora. Aombe ripoti iliyoandikwa, atunze filamu au faili halisi na picha zake za zamani, na aombe faili hilo litumwe kwa daktari bingwa wa radiolojia katika hospitali ya rufaa. Picha za DICOM zinaweza kusafiri kwa mtandao bila kupoteza ngazi hata moja ya kijivu. Aliyeumia kifua barabarani na pumzi inambana arudi hospitali papo hapo, picha ya awali iwe imesemaje. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi apeleke makohozi kituo cha afya: katika vituo vya umma nchini, vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bila malipo.